Kadi 300, wageni 11: mwaliko wa msikiti kwa majirani wa dini nyingine hukwama wapi?

*“Assalaam alaykum. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Mwaka jana tulifanya siku ya milango wazi kwa majirani wasio Waislamu. Tulichapa kadi 300, vijana wakazigawa nyumba kwa nyumba na nyingine tukapeleka kwenye makanisa mawili ya jirani. Walikuja watu 11, wengi wao ndugu wa waumini wetu waliosilimu. Kadi ilisema: ‘Uongozi wa Msikiti unawaalika watu wa dini zote kwenye Siku ya Milango Wazi, Ijumaa saa 6 mchana. Njooni mjifunze ukweli kuhusu Uislamu. Chakula kitakuwepo. Nyote mnakaribishwa.’ Mwaka huu wapo wanaotaka kadi za rangi na chakula zaidi, na wapo wanaosema tuache, majirani hawatutaki. Tufanye nini?”*

Waalaykum salaam, ndugu katibu.

Kadi za rangi hazitabadilisha kitu, na chakula kikiongezwa mtakila wenyewe. Hao wanaosema hamtakiwi nao wamekimbilia hukumu mapema mno. Kadi yenu ilimwita mtu mahali asipopajua bila kumwambia akifika atafanyiwa nini. Aliyepokea mwaliko wa namna hiyo kwa kawaida hakatai. Anauweka juu ya kabati, anasema ataona, na siku inapita.

Jiweke katika nafasi ya mama Mkristo anayekaa nyumba ya tatu kutoka msikitini. Ana maswali ambayo hatamuuliza mtu. Nikiingia, nitaambiwa nisujudu? Nguo zangu zitafaa? Nikikosea jambo takatifu, nitafokewa mbele ya watu? Nitaketishwa kuhubiriwa saa mbili, na nikitaka kuondoka katikati itakuwaje? Mchungaji wangu akisikia nilikuwa huko atasemaje? Na mume wangu, je, tutakaa pamoja? Kila swali lisilojibiwa kwenye mwaliko yeye analijibu mwenyewe, na kwa kuwa analijibu akiwa na wasiwasi, analijibu vibaya. Ndiyo maana waliokuja kwenu walikuwa wale wenye ndugu ndani ya msikiti. Wao tayari walikuwa na mtu wa kumuuliza.

Sasa tuitazame kadi yenyewe. Maneno “mjifunze ukweli kuhusu Uislamu” kwenu ni ya kawaida kabisa, lakini msomaji wa dini nyingine anaelewa mambo mawili: kwamba alicho nacho yeye si ukweli, na kwamba ameitwa ili abadilishwe. Hata kama nia yenu ilikuwa kumwonyesha tu mihrabu na kunywa naye chai, ameshasoma da'wa. Hapa kamati inatakiwa iwe mkweli kwa nafsi yake kwanza. Kama mnalotaka ni kulingania, ni haki yenu, lakini liandaeni waziwazi kama mhadhara na mliite hivyo. Mkiita siku ya ujirani kisha mkageuza mhadhara, mtapata wageni mara moja tu, na habari zitawafikia hata wale ambao hawakuja. Majibu yangu yote yanayofuata ni kwa kamati iliyoamua kwamba hii ni siku ya ujirani.

Kosa la pili ni Ijumaa saa 6 mchana. Nadhani mlitaka wageni waone msikiti ukiwa umejaa, na mawazo hayo si mabaya. Lakini saa hiyo wengi wako kazini, maegesho hayatoshi, viatu vimetapakaa mlangoni, na waumini wenyewe wanatafuta pa kukaa. Mgeni atasimama nyuma bila mtu wa kumhudumia, kwa sababu kila mwenyeji anawahi hutuba, na hutuba ikianza haifai kuzungumza. Kama atakuwepo mtu wa kumweleza mambo, ama atakosa Ijumaa yake ama atamwacha mgeni peke yake. Tena hutuba ya siku hiyo inasikilizwa na watu wa aina mbili wenye mahitaji tofauti, na khatibu hawezi kuwatosheleza wote.

Misikiti ya Ujerumani imekuwa na siku ya milango wazi ya nchi nzima tangu 1997, na tarehe yake ni 3 Oktoba. Hiyo ni sikukuu ya taifa, watu hawaendi kazini. Kwenu, Jumapili alasiri ndiyo inayofaa zaidi. Wakristo wengi wametoka kanisani na wamekula. Wasabato hamtawagusa, maana Sabato yao ni kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama, na kwa sababu hiyohiyo Jumamosi mchana haiwafai. Kabla ya kutaja tarehe, kagueni kalenda za watu wengine: juma la mwisho la Kwaresima, Pasaka na Krismasi, na kama mna majirani Wahindu, Diwali. Na ya kwenu pia. Ramadhani huwahi kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo tarehe iliyofaa mwaka jana haifai kunakiliwa tu.

Kabla kadi haijaandikwa, kuna mazungumzo ya ndani ambayo kamati nyingi huyaruka kisha yakawalipukia siku yenyewe. Yafanyike wiki sita kabla, imamu akiwepo na akina mama wakiwepo. Swali la kwanza litakuwa kama inajuzu asiye Mwislamu kuingia msikitini. Msilipuuze na msimkejeli anayeliuliza, kwa sababu mafakihi wenyewe wametofautiana: Wamaliki wamelizuia isipokuwa kwa haja, Mashafii wanaruhusu kwa idhini ya Waislamu isipokuwa Haram ya Makka, na Mahanafi wameruhusu kwa upana zaidi. Wanaoruhusu hutaja kisa cha Thumama bin Uthal, kilichomo katika Bukhari, aliyefungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Mtume kabla hajasilimu, na pia ujumbe wa Wakristo wa Najran ambao vitabu vya sira vinaeleza walipokewa msikitini Madina. Imamu wenu ndiye wa kulitolea neno, na alitoe mapema mbele ya waumini, baada ya swala, siyo kwa watu watatu kwenye ofisi. Muumini aliyelisikia kwa imamu hatamfukuza mgeni mlangoni.

Baada ya hapo, amueni mambo madogo ambayo mgeni atayaona makubwa. Wanawake wageni wataingia mlango upi? Mume na mke wanaweza kuzunguka pamoja wakati wa matembezi na kutengana wakati wa swala tu, au hapana? Kitambaa cha kichwa ni sharti au ni ombi? Picha zinaruhusiwa wapi? Na yule mzee ambaye huwauliza wanawake mambo ya twahara mlangoni aambiwe kabisa: mgeni haulizwi hilo. Jibu lolote mtakaloamua mgeni atalikubali akilijua kabla. Kinachomuumiza ni kadi kusema kitambaa ni hiari kisha dada mmoja mlangoni akamrudisha mtu. Chagueni jambo moja, liandikeni, na wote walioko mlangoni waseme hilohilo.

Linalofuata ni viongozi wa dini nyingine. Rundo la kadi lililoachwa kwenye ofisi ya kanisa lina kazi mbili tu: ama linamweka mchungaji katika hali ngumu, kwa kuwa akilitangaza ataonekana analiunga mkono na asipolitangaza ataonekana ana chuki, ama linafunikwa na karatasi nyingine. Mwendeeni mwenyewe, watu wawili, wiki tano kabla, mkiwa na barua fupi na bila kadi hata moja. Mwambieni tarehe mnayofikiria na mumuulize kama inagongana na jambo lao. Swali hilo si adabu tu. Mara nyingi litawaokoa na tarehe mbaya, na pia linampa nafasi ya kuwa mshauri badala ya kuwa mtu aliyeletewa jambo lililokwisha pikwa. Kisha mwalikeni aje yeye na mtu wake mmoja, siku ya kawaida, auone msikiti kabla ya watu wake. Msimwombe atangaze madhabahuni. Akiona mwenyewe kwamba hakuna mtego, atatangaza, asipotangaza, angalau mtu wake akimuuliza “naweza kwenda?” atajua la kujibu.

Kama ni paroko wa Kikatoliki, hatakuwa anaanzia sifuri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko la Nostra Aetate mwaka 1965 linalosema Kanisa linawaheshimu Waislamu, na Papa Yohane Paulo II aliingia Msikiti wa Umawiyya mjini Dameski Mei 2001. Baadhi ya makanisa mengine hayana tamko la namna hiyo, na baadhi ya wachungaji wanaona kuingia nyumba ya ibada ya wengine ni jambo la dhamiri. Huyo akikataa, mshukuruni na msibishane naye kwa aya. Mmeshampa heshima ya kumuuliza, na hilo ndilo mlilokwenda kufanya.

Sasa kadi. Ninaandika moja kamili, nanyi mtabadilisha kulingana na maamuzi yenu:

> *Kwa familia ya ________*
>
> *Sisi ni majirani zenu wa msikiti. Tungependa mje mtutembelee Jumapili, tarehe ____, kati ya saa 8:30 mchana na saa 11:00 jioni. Mnaweza kufika na kuondoka wakati wowote katikati ya saa hizo.*
>
> *Mtakayoyaona: tutawatembeza ndani ya msikiti kwa muda wa nusu saa, mkiwa kikundi kidogo. Saa 9:45 kutakuwa na swala ya Alasiri. Mkipenda mtakaa kwenye viti nyuma na kutazama; msipopenda, chai iko uani. Baada yake kuna nafasi ya kuuliza lolote.*
>
> *Hakuna atakayeombwa kuswali, kuchanga fedha, wala kuandika jina. Hakutakuwa na mahubiri.*
>
> *Tunavua viatu mlangoni, kwa hiyo soksi ni vizuri. Nguo zifunike mabega na magoti. Akina mama wanaombwa kufunika nywele wakiwa ndani. Mitandio safi ipo mlangoni kwa asiye nayo. Mume na mke mnatembea pamoja. Wakati wa swala tu wanawake na wanaume wanakaa pande mbili. Watoto waje na wazazi wao. Kiti cha magurudumu kinaingia.*
>
> *Vitafunio havina nyama wala mayai. Picha tutawaonyesha pa kupiga.*
>
> *Swali lolote kabla ya siku hiyo: Bi. ________, simu ________, au Bw. ________, simu ________.*
>
> *Aliyeleta kadi hii ni jirani yenu: ________*

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na wale wanaotaka kadi ya kupendeza watalalamika. Waacheni walalamike. Mistari ya katikati ndiyo inayoleta watu, hasa ule wa “hakuna atakayeombwa”. Uandikeni tu kama mko tayari kuutimiza wote. Kama kasha la sadaka liko mlangoni siku zote, siku hiyo liondolewe au lifunikwe. Mgeni akilipita mkono mtupu mbele ya watu atajisikia vibaya, na akitia pesa atadhani ndiyo kiingilio. Na daftari la wageni liwe mezani, wazi, kwa mwenye kutaka kuandika neno, bila safu ya namba ya simu. Watu wengi wanaogopa kufuatwa nyumbani baadaye kuliko wanavyoogopa kuingia.

Saa ya kumaliza ina uzito kuliko mnavyodhani. Shughuli yenye mwanzo tu inamtia mtu hofu kwamba hatajua aondoke lini bila kuonekana mkorofi. Mkitaja mwisho na kusema anaweza kutoka katikati, mmemkabidhi mlango. Majina mawili yenye simu, moja la mwanamke, yanafanya kazi hiyohiyo: wachache sana watapiga, lakini kuwepo kwa mtu wa kuulizwa kunatosha kuwatuliza wengine.

Kadi 300 msizichape. Chapeni 60. Tafuteni familia 20 za waumini, kila moja ichague nyumba tatu ambazo tayari wanasalimiana: mama anayekutana naye kwenye foleni ya maji, fundi wa karibu, mwalimu wa mtoto. Jina la familia liandikwe kwa mkono pale juu, jina la mleta kadi pale chini, na ipelekwe na huyohuyo, siyo na vijana wasiojulikana wanaogonga milango. Apeleke siku 14 kabla. Akiwahi zaidi ya hapo mtu atasahau, na akichelewa hadi siku tatu watu wameshapanga Jumapili yao. Akikabidhi aseme sentensi moja tu, “Nitakuwepo mlangoni, nitawapokea mimi”, kisha aende zake. Siku mbili kabla atume ujumbe mfupi wa kukumbusha. Asidai jibu. Aliyesema “tutaona” akishinikizwa atatafuta udhuru, na akishautoa anaona aibu kuuvunja.

Kwa hesabu hiyo panga mapokezi ya watu 40, na msiyumbe kama wakija 25. Kila mwenyeji mmoja aongoze wageni wasiozidi wanane, maana wakizidi hapo anapaza sauti, na akipaza sauti anaanza kuhubiri hata asipokusudia. Kwa hiyo mnahitaji viongozi watano wa vikundi, wanawake wasiopungua wawili kati yao, wawili wa mlangoni na wawili wa viatu. Wa viatu msiwaone kama ziada. Jozi 40 za viatu zikichanganyika na za waumini wanaokuja kuswali, mgeni atabaki peku uani anatafuta chake, na ndicho atakachosimulia nyumbani. Wekeni rafu ya peke yake kwa wageni, vibandiko vya namba, na viti vitatu vinne vya wazee kukalia wanapovaa. Mlangoni mpokeaji asitangulize mkono kwa mtu wa jinsia nyingine. Aweke wake kifuani na kutabasamu. Mkono wa mgeni ukija kwanza, kila mtu afuate alivyoelekezwa na imamu, ila asiurudishe kwa mshtuko.

Matembezi yapite sehemu nne tu: mahali pa udhu pakiwa pakavu, ukumbi, mihrabu na mimbari, kisha rafu ya vitabu. Kwenye rafu kuna jambo la kupanga kabla. Mgeni ataona msahafu na mkono wake utakwenda kuuchukua. Badala ya kumdaka, wekeni meza karibu yenye tafsiri za Qur'ani ambazo imamu ameridhia zishikwe, na kiongozi aseme kabla ya kufika hapo, “Hizi za mezani ni zenu kuzifungua.” Vijitabu vya da'wa, kama mnavyo, vikae karibu na mlango wa kutokea na asiwepo mtu anayevigawa. Anayetaka atachukua.

Viongozi wa vikundi wachagueni kwa tabia, siyo kwa elimu. Mtu aliyezoea mijadala ya kulinganisha dini ana maarifa mengi, lakini akiulizwa swali dogo kuhusu Yesu atalijibu kwa kuonyesha makosa ya Biblia, na kikundi chote kitanyamaza hadi mwisho. Afadhali dada anayeweza kusema “hilo sijui, tumuulize imamu”. Wafanyeni mazoezi jioni moja, mkiwauliza maswali makali yatakayokuja kwelikweli: ugaidi, ndoa ya wake wanne, kwa nini wanawake nyuma, Muislamu akibadili dini inakuwaje. Jibu liwe dakika mbili, liseme Waislamu wanaamini nini, na lisiguse dini ya aliyeuliza.

Kuhusu kutazama swala, hapa ndipo siku nzima inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo nitatulia kidogo. Alasiri ni swala ya kisomo cha siri. Mgeni hatasikia Qur'ani. Atasikia takbira, kimya kirefu, takbira tena, hadi salamu. Asipoelezwa kabla atadhani kuna hitilafu, au atachoka. Saa 9:30 imamu au mwingine asimame mbele ya viti kwa dakika kumi aeleze: rakaa ni nne, zinachukua kama dakika kumi, imamu anasoma kimyakimya, mnachoweza kufuatilia ni mienendo. Aseme pia kwamba adhana itapigwa kwa kipaza sauti, maana walio karibu na spika hushtuka, na kwamba baada ya adhana wataona watu wanaswali mmojammoja kabla ya kujipanga safu, nao wasidhani wamekosa mwanzo. Kama mnatamani wasikie kisomo, chagueni Maghribi. Rakaa zake mbili za mwanzo husomwa kwa sauti, na tatu kwa jumla ni fupi. Ila Maghribi ni magharibi kweli, wenye watoto wadogo watakuwa wanarudi nyumbani. Mimi ningekaa na Alasiri kwa mara ya kwanza.

Viti vipangwe nyuma kabisa na pembeni, kiasi kwamba mgeni anayetaka kutoka hapiti mbele ya anayeswali. Wasioweza kukaa kwenye viti wakae chini watakavyo, na asiwepo wa kuwarekebisha miguu. Baada ya salamu, dua ya pamoja ifupishwe au iachwe siku hiyo. Mikono ya wote ikiinuka na sauti za “amin” zikipanda, mgeni hajui kama asipoinua atakuwa amekataa ombi la heri. Mmeahidi hakuna atakayeombwa kushiriki. Hiyo pia ni kushiriki.

Kuna tukio moja mliandalie jibu hata kama halitatokea. Mgeni anaweza kusema pale pale kwamba anataka kusilimu. Si haki yangu kuwaambia mumcheleweshe, hilo ni la imamu na dini yenu. Ila lifanyike ofisini, na mashahidi wanaohitajika tu, bila kipaza sauti na bila takbira za ukumbi mzima. Likitangazwa mbele ya wageni 40, wale 39 watajua siku ilikuwa ya nini, hata kama haikuwa hivyo. Na akiwa ni mtoto au kijana aliyekuja na wazazi wake, msifanye lolote bila wazazi na bila kujua sheria ya nchi inasemaje.

Kuna waliosema muache kabisa, nami nina njia ya tatu kwa ajili yao. Kama hamuwezi kupata viongozi watano waliotulia, au kamati bado imegawanyika kuhusu wanawake kuingia, msifanye siku ya milango wazi mwaka huu. Alikeni watu wanane kutoka nyumba nne, alasiri moja, bila bango na bila tangazo. Utaratibu ni uleule na makosa yatakuwa madogo. Kikundi kidogo kina udhaifu wake: kitawafikia wale ambao tayari ni marafiki, na yule jirani mwenye kinyongo hatakuwemo. Lakini siku kubwa iliyoharibika humpa huyo jirani ushahidi.

Jambo jingine la kamati kuamua kabla ya kadi kutoka: mkialika, mtaalikwa. Kanisa likiwaita kwenye siku yao, mtakwenda? Nani, na mtakaa ibada au mtatembelea tu jengo? Kama jibu ni kwamba hamtakwenda kamwe, mchungaji atakapouliza katika ile ziara ya kwanza mwambieni ukweli huo kwa upole. Akigundua baadaye itaonekana mlitaka kutazamwa bila kutazama.

Pale ambapo ushauri wa maandishi hautoshi ni pale palipo na jeraha. Kama mwaka huu kumekuwa na ugomvi wa kiwanja, kelele za vipaza sauti, ndoa ya dini mbili iliyoleta fujo, mtoto anayegombaniwa, au mtu yeyote ametoa vitisho, msigawe kadi hata moja kabla ya kukaa ana kwa ana na wahusika, mkiwa na imamu wenu, kiongozi wa upande wa pili na baraza la viongozi wa dini la mahali penu kama lipo. Serikali ya mtaa ijulishwe, na kukiwa na kitisho cha kweli, polisi. Katika hali hiyo mwaliko wa jumla unaweza kusomeka kama dharau. Jirani anayelalamikia spika yenu anataka kwanza kusikia mtafanya nini kuhusu spika.

Siku ikipita, mleta kadi ndiye aseme asante kwa wale watatu wake, kwa mdomo, wakikutana njiani. Kamati isitume ujumbe kwa wageni, na picha za wageni zisibandikwe popote bila wao kukubali. Kisha muwaulize viongozi wa vikundi swali moja, wageni walishangazwa na nini, na majibu yao myaandike katika daftari la kamati ili kadi ya mwaka ujao iyajibu.